Akaunti ikifungiwa, nani anabaki na kazi?

Watu wengi hudhani akaunti ya gemu ikifungiwa, mali iliyomo huyeyuka kama duka lililoungua. Kwenye Counter-Strike 2, gemu ya kupigana kwa bunduki, haiendi hivyo. Unafungua Steam, jukwaa ambalo gemu hiyo inachezewa, unaingia kwenye stoo yako, na kila kitu kipo pale pale ulipokiacha. Kisu kipo. AK-47 yenye rangi ya dhahabu ipo. Unaweza kukizungusha kisu kwenye skrini, ukakisogeza karibu, ukatazama mwanga unavyopita kwenye ncha. Kilichoondoka ni kitufe cha kuuza na kitufe cha kumpa mtu mwingine. Mali yako imegeuka picha.

Naanza na picha hiyo kwa sababu mijadala yetu ya kupata pesa kupitia gemu huchanganya kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Kuna anayefundisha wenzake kucheza, wanayemwita kochi. Kuna anayenunua na kuuza vitu vya ndani ya gemu. Mara nyingi ni mtu yule yule, akaunti ile ile, simu ile ile. Zikienda vizuri zote mbili, huoni tofauti. Tofauti inajitokeza asubuhi moja akaunti inapofungiwa, na kwa wengi inakuwa imechelewa.

Kwa asiyelijua soko lenyewe: tangu Agosti 2013, Counter-Strike ina kitu kinachoitwa skini, yaani rangi na michoro ya kuvalisha bunduki au kisu. Skini haiongezi risasi wala shabaha. Bei yake inatokana na uadimu, mvuto na hali yake. Kila skini huzaliwa na namba ya uchakavu kati ya 0 na 1, na namba hiyo haibadiliki hata ukipiga nayo mechi elfu moja. Ikiwa chini ya 0.07 huandikwa Factory New. Ikifika 0.07 inakuwa Minimal Wear, na bei inaweza kushuka sana ingawa macho ya kawaida hayaoni tofauti kati ya 0.069 na 0.071. Mchuuzi mzuri anaishi kwenye nafasi hiyo nyembamba. Anajua skini ipi ya Minimal Wear inaonekana mpya kabisa, ipi ina mkwaruzo mahali pabaya, na ipi muuzaji ameiweka sokoni bila kujua ana namba nzuri.

Hesabu ndiyo inayowaangusha wanaoanza. Soko la ndani la Steam hukata takriban asilimia 15 ya kile anachopata muuzaji: 5 za Steam yenyewe na 10 za gemu. Ukinunua skini kwa dola 10 ukaiuza kwa 12, unajiona umepata 2. Kumbe dola 12 ni bei anayolipa mnunuzi. Kinachoingia kwako ni 10.43. Ili urudishe tu dola 10 zako, lazima uiuze kwa 11.50. Halafu pesa hiyo inaingia kwenye pochi ya Steam, na pochi ya Steam haina mlango wa kutokea. Utanunua gemu au skini nyingine, lakini hutalipia umeme wala unga.

Ndiyo maana wachuuzi wanaoishi kwa kazi hii huuza nje, kwenye masoko ya watu wengine au moja kwa moja kwa mnunuzi, na kulipwa pesa halisi. Hapo ndipo msingi unapoanza kuyumba, maana mkataba wa Steam unasema wazi kwamba unachopewa ni leseni ya kutumia na si umiliki, na kanuni zake za mwenendo zinakataza shughuli za kibiashara, ikiwemo kuuza na kununua akaunti. Skini zinauzwa nje kila saa na wengi hawaguswi. Lakini kutoguswa si sawa na kuruhusiwa. Siku ukigombana nao, huna karatasi ya kushika.

Sasa kochi. Ukochi wa Counter-Strike ukifanywa sawasawa hauhitaji hata kuingia kwenye mechi. Mwanafunzi anakutumia rekodi ya mechi yake, demo, na wewe unaifungua kwenye kompyuta yako kwa `playdemo` na jina la faili. Mnazungumza kwa Discord huku anaangalia skrini yako. Nina kawaida ya kuanzia raundi ya pili, si ya kwanza. Mwanafunzi wa kawaida amepoteza raundi ya kwanza, ile ya bastola, anapokea dola 1900 za ndani ya gemu, na kwa hasira ananunua fulana ya kuzuia risasi na bunduki ndogo. Anakufa. Raundi ya tatu wenzake wamejikusanyia vya kutosha, yeye hana kitu. Kwenye mechi nne zilizopita amefanya hivyo hivyo mara zote, na hajui. Ukimwonyesha raundi hizo nne moja baada ya nyingine, bila kumpigia kelele, anacheka mwenyewe. Umemfundisha uchumi wa timu ndani ya dakika kumi, na maarifa hayo hayakukaa kwenye akaunti yako wala yake.

Hapo ndipo palipo tofauti ninayoizungumzia. Bidhaa ya kochi ipo kichwani mwake. Bidhaa ya mchuuzi ipo kwenye seva za Valve, kampuni ya Bellevue, Marekani, yenye Counter-Strike na Steam.

Tuweke takwimu ili tusizungumze hewani. Nimtunge kijana, nimwite Sudi, wa Dar es Salaam, ambaye mapato yake nimeyakadiria kwa namna kazi hizi zinavyokwenda. Sudi ana mtaji wa dola 900 wa skini. Zamani mtaji huo angeuzungusha haraka, lakini tangu Machi 2018 skini unayoipokea kwa kubadilishana haiwezi kutoka tena hadi siku 7 zipite. Na tangu Julai 2025 siku hizo 7 zimebeba jambo jingine: aliyekupa anaweza kuurudisha ule muamala. Kwa hiyo masoko mengi ya nje hayamlipi muuzaji mpaka siku hizo ziishe. Sudi akipokea skini anasubiri wiki, akiiuza anasubiri wiki nyingine. Mtaji wake unazunguka mara mbili kwa mwezi, si zaidi. Akibakiza asilimia 4 baada ya makato, ni dola 36 kwa kila mzunguko, 72 kwa mwezi. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi 180,000.

Upande wa pili ana wanafunzi wanne, kila mmoja saa moja kwa wiki, shilingi 15,000 kwa saa. Kwa wiki nne ni 240,000. Jumla 420,000. Ukimuuliza Sudi anafanya kazi gani, atakwambia anauza skini, kwa sababu hapo ndipo penye msisimko na hapo ndipo kilipo kisu. Ukochi anauita wa kuzugia. Mtaji mzima uko upande wa kwanza, na mapato makubwa yako upande wa pili ambao haukumgharimu mtaji wowote. Huu ni mpangilio wa ajabu, na nimeuona kwa watu wengi wa kweli.

Sudi hachiti. Nasisitiza, kwa sababu jibu la kwanza la kila mtu kwenye habari hizi ni kwamba aliyefungiwa alichiti tu, asitudanganye. Wengi kweli walichiti. Lakini Sudi ana mdogo wake wa miaka 15 anayetumia kompyuta hiyo hiyo jioni. Dogo alipofungua akaunti yake, akaombwa namba ya simu. Hana laini, laini inasajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, na yeye bado mtoto. Akaweka namba ya kaka. Ujumbe wenye tarakimu za kuthibitisha ukaingia kwenye simu ya Sudi, Sudi akamsomea huku anakaanga mayai. Sekunde kumi, yakaisha.

Miezi ikapita. Dogo akachoka kupigwa, akashusha programu ya kuona watu kupitia kuta. Alicheza nayo siku mbili, akaona haya, akaifuta.

VAC, mfumo wa Valve wa kukamata wanaochiti, haufungii papo hapo. Hukusudia kuchelewa, ili watengenezaji wa programu hizo wasijue ni lini hasa wamegunduliwa. Kwa hiyo adhabu ikaja baada ya wiki kadhaa, wakati dogo alishasahau. Na kwa mujibu wa maelezo ya Steam yenyewe, akaunti zilizokuwa na namba moja ya simu wakati wa kosa hushiriki adhabu moja. Zingatia maneno hayo: wakati wa kosa. Kuiondoa namba baadaye hakusaidii, hata kama uliiondoa kabla adhabu haijatangazwa. Sudi akaamka, akaunti yake ya miaka saba ina alama nyekundu ya VAC, na skini zake za Counter-Strike zimegandishwa.

Adhabu ya VAC ni ya kudumu. Steam wanasema hawajadili wala kupunguza, na dawati lao la msaada haliwezi kuiondoa isipokuwa mfumo wenyewe umethibitika kukosea. Kusema ni mdogo wangu hakusaidii, kwa sababu mwenye akaunti ndiye anayewajibika kwa kila kinachofanywa nayo. Sudi ana dola 140 kwenye pochi. Hizo hazikuguswa, anaweza kununulia gemu. Ndicho kitu pekee kilichobaki kinachoitwa pesa, na hakitoki nje.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana hasira inaweza kutufanya tusielewe kwa nini sheria imekaa hivi. Kama aliyechiti angeruhusiwa kuuza skini zake baada ya kufungiwa, adhabu isingemuuma. Angechukua dola zake 900, akafungua akaunti mpya, akaanza upya jioni hiyo hiyo. Kugandisha mali ndiko kunakofanya skini ziwe aina ya dhamana: mwenye kisu cha dola 400 hujiuliza mara mbili kabla ya kushusha programu ya ajabu. Mimi mwenyewe nikicheza dhidi ya mtu mwenye stoo nzito huwa nina imani naye kidogo zaidi. Kwa maana hiyo sheria inafanya kazi yake.

Tatizo ni kwamba kwenye namba ya simu dhamana inageuka udhamini. Wanaocheza vikoba wanajua udhamini ni nini. Unakaa kwenye mkutano, mtu anaomba mkopo, unaulizwa mbele ya wote kama unamdhamini, unasaini. Akishindwa kulipa, unajua kwa nini unadaiwa. Sudi alimdhamini mdogo wake bila mkutano na bila saini, kwa kumsomea tarakimu jikoni. Sheria hiyo iliandikwa na watu wanaodhania kwamba mtu mmoja ana namba moja na namba moja ina mtu mmoja. Kwetu laini moja hutumika na nyumba nzima. Namba ya baba ndiyo iko kwenye fomu ya shule, kwenye bima, kwenye akaunti ya benki ya mama. Sioni ubaya wa nia hapo. Naona mtu wa mbali aliyepiga hesabu bila sisi kuwemo.

Ukitaka kujua kama uko kwenye hatari hiyo, nenda help.steampowered.com, chagua njia ya mtu aliyesahau jina la akaunti, uandike namba yako ya simu. Ukiona kuna akaunti zaidi ya moja chini ya namba hiyo, basi umemdhamini mtu. Fanya hivyo leo, si siku ukisikia dogo anacheka peke yake chumbani.

Rudi kwa kochi. Wengi wangesema kazi yake imenusurika, na kwa sehemu ni kweli. Aliyefungiwa na VAC hawezi kuingia kwenye seva rasmi za gemu hiyo, lakini kufungua demo ya mtu mwingine kwenye kompyuta yake hakuhitaji seva. Sudi bado anajua kwa nini mwanafunzi anakosa pesa raundi ya tatu. Tatizo ni kwamba adhabu ya VAC huonekana hadharani kwenye ukurasa wa akaunti, pamoja na idadi ya siku tangu itolewe. Mwanafunzi mpya anayetafuta kochi huangalia ukurasa huo kwanza. Hakuna pa kuandika kwamba ni dogo. Kwenye mfano wangu wanafunzi wawili wa zamani wanamjua na wanabaki. Wawili wengine wanaaga kwa heshima. Kutoka 420,000 Sudi amebaki na 120,000 kwa mwezi, na skini za shilingi 2,250,000 zisizouzika.

Kuna kufungiwa kwa aina nyingine ambako mambo yanakwenda tofauti. Steam inaweza kumzuia mtu asibadilishane vitu wala kutumia soko kwa sababu ya wizi au utapeli, bila kumhusisha na kuchiti. Huyo uchuuzi wake umekufa, lakini anaendelea kucheza, renki yake inaendelea kuonekana, na wanafunzi wake hawana sababu ya kuona kuna tatizo. Kwa hiyo kosa la sokoni linaua kazi moja. Kosa la uwanjani linaua moja na kujeruhi nyingine. Mtu mwenye kazi mbili kwenye akaunti moja anapaswa kuogopa zaidi lile la uwanjani. Cha ajabu, wachuuzi wengi ninaowajua huogopa matapeli usiku na mchana, lakini kompyuta yao iko wazi sebuleni.

Na matapeli wapo, sikatai. Ile kanuni ya Julai 2025 imebadilisha nani anaibiwa. Zamani muuzaji ndiye aliyekuwa na hofu: anatoa skini, pesa haiji. Sasa kwa siku 7 aliyetoa skini anaweza kubonyeza na kuirudisha. Nia ilikuwa kuwasaidia walioibiwa akaunti, na inawasaidia kweli. Lakini ukinunua skini mkononi kwa mtu, ukamtumia pesa kwa simu siku hiyo hiyo, yeye anaweza kuirudisha siku ya tano, akabaki na vyote viwili. Gharama yake ni kwamba marudisho hayo hugusa miamala yote ya siku hizo 7, si mmoja tu, na anazuiwa kubadilishana kwa siku 30. Kwa mwizi mwenye akaunti ya kutupa, siku 30 si kitu. Kwa hiyo mnunuzi anayejua kazi yake halipi kabla ya siku ya nane. Niliwahi kulipa siku ya kwanza. Jamaa alikuwa mpole kupita kiasi, akanitakia hata Ramadhani njema.

Sijafika kwenye kosa linalowamaliza makochi wenyewe, na ndilo linalonikera zaidi kwa sababu huanza na mteja mzuri. Umemfundisha mtu wiki tatu, amepanda kidogo, halafu anakwambia: kaka, hii ya kufundishwa ni ndefu, chukua akaunti yangu unipandishie renki, nakulipa mara tatu. Pesa ya saa moja imekuwa pesa ya saa tatu, na kucheza ni rahisi kuliko kueleza. Wengi hukubali. Kuanzia hapo hufundishi tena; unacheza kwa jina la mtu. Mkataba wa Steam unakataza kumtoza mtu kwa haki ya kutumia akaunti, na kwa ujumla unakutaka usimpe mwingine akaunti yako. Hata kama hakuna anayekufuatilia leo, umeingia kwenye akaunti ambayo hujui ilifanya nini jana, na mwenyewe hajui utakachofanya kesho. Kila upande umemdhamini mwingine, tena.

Tunajua wanaoendesha gemu wanaweza kuunganisha akaunti wakiamua. Septemba 2023 Valve walifungia akaunti 90,000 za gemu yao nyingine, Dota 2, zilizokuwa za ziada, za wachezaji wazuri kujificha kwenye renki za chini, wakasema wamezifuatilia zote hadi kwenye akaunti kuu za wenyewe. Safari hiyo walifungia zile za ziada, wakaonya kwamba siku za mbele akaunti kuu nazo zinaweza kuadhibiwa. Korea Kusini walienda mbali zaidi: tangu 2019 kumpandishia mtu renki kwa malipo ni kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka miwili. Hapa kwetu hakuna sheria ya namna hiyo na sidhani tunaihitaji. Lakini inakuonyesha kwamba wanaolijua gemu vizuri hawaiweki kazi hiyo kwenye kapu moja na ukochi.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba hatari ni kufungiwa tu. Oktoba 2025 Valve walitoa sasisho lililoruhusu wachezaji kubadilisha skini tano nyekundu, zile za daraja la juu kwa bunduki, wapate kisu au glovu. Kabla ya hapo visu vilipatikana karibu vyote kwa kufungua makasha na kubahatisha. Ndani ya saa chache bei za visu vingi ziliporomoka vibaya, na skini nyekundu zilizokuwa zimelala zikapaa. Hakuna aliyevunja kanuni. Hakuna akaunti iliyofungiwa. Waliokuwa wameweka akiba yao yote kwenye kisu walilala na thamani moja wakaamka na nyingine, kwa sababu ya uamuzi wa watu ambao hawakuwa na wajibu wa kuwauliza.

Sisemi mtu asichuuze. Nachuuza. Ila nimebadilisha namna ninavyohesabu. Skini zilizomo kwenye stoo siziiti akiba. Naziita bidhaa iliyoko njiani, kama nyanya kwenye lori la Morogoro, na nyanya hazihesabiwi mpaka zifike sokoni. Kikomo changu ni kiasi ninachopata kwa miezi miwili ya kufundisha. Kikizidi hapo nauza, hata kama bei haijapendeza, na pesa inatoka nje ya mfumo wiki hiyo hiyo. Akaunti ya kuchuuzia haina gemu ya mtu mwingine wala namba ya mtu mwingine, na anayetaka kucheza kwenye kompyuta yangu anaingia kwa akaunti yake na namba yake. Hiyo imeniletea maneno nyumbani. Mpwa wangu aliniuliza kama simwamini. Nilimjibu namwamini sana, nikamnunulia laini iliyosajiliwa kwa jina la mama yake.

Na kwenye ukochi nimeanza kuweka kumbukumbu nje ya gemu: daftari la kila mwanafunzi, tulichokiona kwenye demo gani, renki yake ilikuwa ipi alipoanza na ipi baada ya mwezi. Mwanafunzi mpya akiomba ushahidi namwonyesha kurasa hizo kwa ruhusa ya wenyewe, badala ya kumtuma kwenye ukurasa wangu wa Steam. Nikifungiwa kesho kwa kosa la mtu nisiyemjua, daftari litakuwa bado liko kwenye droo.

Sudi wangu wa kutunga angefanya nini sasa? Nadhani angefungua akaunti mpya kwa namba mpya, angeanza na skini za dola mbili tatu, na angerudi kila jioni kwa wale wanafunzi wawili. Jana usiku mmoja wao alituma demo ya mechi waliyopigwa 13 kwa 4. Kaka mtu akaifungua, akaruka raundi ya bastola, akasimamisha kwenye ya pili. Dogo alikuwa amesimama mlangoni.

"Njoo ukae hapa," Sudi akamwambia. "Niambie huyu amenunua nini, na kwa nini amekosea."

Dogo akavuta stuli.